Barua ya kupandisha kodi: 90,000 kwa mkupuo au kwa hatua mbili?

binti_makorora
Habarini wana Tanga. Nasimamia nyumba ya marehemu mama hapa Makorora, wapangaji wawili, kila mmoja chumba na sebule kwa 70,000, wanalipa miezi sita sita na mikataba yote inaisha 31 Desemba. Mwaka huu nimebadilisha bati zote maana hewa ya chumvi ilishazila, mvua ikinyesha walikuwa wanaamka usiku kuhamisha magodoro. Bati, mbao na fundi jumla 1,680,000. Nataka kodi iwe 90,000, ila sijui barua iseme 90,000 kuanzia Januari moja kwa moja, au 80,000 Januari halafu 90,000 Julai. Sababu nilizoandika ni bati, kodi ya jengo na maisha kupanda. Sasa hivi ni Septemba, sitaki kumuonea mtu.

baba_kange
Mwanangu kuwa makini, sheria hairuhusu kupandisha zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo mwisho wako ni 77,000. Ila la kuwapa notisi mapema uko sahihi kabisa.

dalali_mstaafu
Shikamoo mzee, hapo kwenye asilimia 10 nakukatalia. Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, sasa hivi bei ni makubaliano ya watu wawili. Hiyo 10 inayosikika sana ni kodi ya zuio, ile kampuni au ofisi ikipanga inakata na kupeleka TRA, haina uhusiano na kupandisha.

Dada, kinachokubana ni mkataba wako. Hadi 31 Desemba 70,000 haiguswi labda kama mliandika kipengele cha kupandisha katikati. Barua ukiitoa mwisho wa Septemba wana miezi mitatu ya kujipanga au kutafuta kwingine, na hapo ndipo hesabu yako ilipo, maana mpangaji hatoi 20,000, anatoa ya miezi sita. Amezoea 420,000, unamwambia alete 540,000, yaani 120,000 ya ziada siku moja. Ukienda kwa hatua mbili Januari analeta 480,000 na Julai 540,000. Wewe unakosa 60,000 kwa kila mpangaji. Chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja tu unakosa 90,000, bado hujapaka rangi.

zuhura_d
Mimi yalinikuta Duga, mwenye nyumba alinipigia simu tarehe 17 akasema mwezi ujao kodi mpya au nitoe vyombo, nilikuwa na mtoto mchanga. Kwani huwezi kuwatoa tu bila barua? Mbona wenzako wanafanya?

binti_makorora
Pole sana dada. Simtoi mtu mimi, nataka wabaki, ndo maana nauliza.

dalali_mstaafu
Turudi kwenye sababu. Bati iache, na weka hesabu yake: 1,680,000 gawa kwa wawili ni 840,000, ukiirudisha kwa miaka minne ni 17,500 kwa mwezi kila mmoja. Mtu akisoma hivyo anaona 20,000 imetoka wapi. Maisha kupanda futa, na kwake yamepanda vilevile. Kodi ya jengo nayo futa, maana tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Umeme ananunua nani?

binti_makorora
Wao, mita moja wanachangia.

dalali_mstaafu
Basi wao ndo wameilipa, 9,000 kila miezi sita, na kisheria ni ya mwenye nyumba. Huwezi kuwapandishia kwa kitu wanachokulipia. Andika hivi:

"Kodi ya chumba na sebule itakuwa 80,000 kwa mwezi kuanzia 1 Januari (480,000 kwa miezi sita), na 90,000 kuanzia 1 Julai (540,000). Sababu ni gharama ya bati mpya, 1,680,000, risiti ninazo. Hadi 31 Desemba kodi inabaki 70,000. Naomba jibu lako kabla ya 15 Novemba."

Nakala mbili, weka tarehe na jina lake. Yako asaini "nimepokea", usimlazimishe "nimekubali", hayo ni mambo mawili. Akigoma kusaini mpelekee mbele ya mjumbe.

fundi_mabawa
Mi naona mara moja bora. Hatua mbili mtu anasikia kapandishiwa mara mbili kwa mwaka, maneno hayaishi. Na bati ni jukumu la mwenye nyumba, kwa nini walipe yote?

dalali_mstaafu
La maneno ni kweli, ndo maana hatua zote ziwe kwenye barua moja. La bati kulipa yote, hapo una hoja, wapangaji wanaweza kuomba washushe na dada ajiandae kusikiliza.

binti_makorora
Nimeenda na hatua mbili. Mama anayeuza vitafunwa kasaini leo, kaomba ile 9,000 ikatwe Januari, nimekubali. Kijana wa bandarini kasema atafikiria, hajasaini, nakala nimemwachia. Nikimtumia picha ya barua kwa watsapu na alama za bluu zikatokea, inatosha au bado nimwite mjumbe?