Naomba ushauri: tumbo moja la uzi ni wimbi zima au nusu? Vipimo vyangu vinakataa kitabu

MwalimuWaZamu
Wakuu, nina kipindi kesho asubuhi na nimekwama. Uzi wangu una mita 1.20 kutoka kwenye vaibreta hadi kwenye kapi, na kila mita ya uzi huo ina gramu 0.50. Vaibreta inakwenda kwa herzi 100. Nikining'iniza gramu 77, uzi unatulia kwa matumbo matatu safi, kila moja sentimita 40.

Nikitumia mkazo, yaani v = √(T/μ), napata kasi ya mita 39 hivi kwa sekunde. Nikihesabu tumbo moja kuwa wimbi zima, 100 × 0.40 ni 40. Zinakubaliana. Nikifuata kitabu kwamba wimbi zima ni matumbo mawili, napata 80, mara mbili ya inayotakiwa. Kuna mwanafunzi ameng'ang'ania kitabu. Mchoro huu unasomwaje hasa?

FundiRula
Mwanafunzi yuko sahihi. Weka ncha ya kalamu kwenye mstari mmoja tu wa mchoro na uufuate. Utapanda kwenye tumbo la kwanza, utapita kwenye fundo, kisha utashuka kwenye tumbo la pili. Hapo ndipo wimbi moja linakamilika. Mstari wa pili, ule wa nukta, si uzi mwingine: ni uzi huohuo nusu mzunguko baadaye. Macho yanaona yote mawili kwa pamoja ndiyo maana tumbo linaonekana kama umbo lililofungwa.

Kosa lako liko kwenye frikwensi. Matumbo matatu ni hamoniki ya tatu, kwa hiyo uzi unatikisika kwa herzi 300. Zidisha kwa tatu.

NyuziSita
Samahani nadandia hapohapo. Kwenye gita, nikigusa waya kidogo kwenye theluthi ya urefu wake na kuupiga, unatoka mlio mwembamba wa juu. Hayo ndiyo matumbo matatu? Na kwa nini nikiugusa kwenye theluthi ya pili mlio ni uleule?

KapiNaUzi
NyuziSita, ndiyo. Kidole kinaua kila mtikisiko usio na fundo mahali hapo, na matumbo matatu yana mafundo kwenye theluthi zote mbili.

FundiRula, maelezo yako ya mchoro ni sawa kabisa, lakini herzi 300 hapana. Kwenye gita mkazo haubadiliki, basi kasi haibadiliki, na ukigawa urefu wa wimbi kwa tatu frikwensi inapanda mara tatu. Kwa mwalimu, mwendo wa vaibreta umefungwa kwenye 100. Anachobadilisha ni uzito, na uzito unabadilisha kasi. Matumbo yakiongezeka kwake, ni kasi iliyopungua, si frikwensi iliyopanda. Kila uzito mpya ni kama kuukaza waya upya: hata hamoniki ya kwanza inahama.

MpimaMara2
Mimi nasema wazi: namba hizi zimetungwa. Uzi unaotikiswa kwa herzi 100, wenye kasi ya 39, unapaswa kuonyesha matumbo sita kwenye mita 1.20, si matatu. Hakuna kosa la rula linaloweza kukosea mara mbili kamili. Mtu amekaa mezani akatafuta namba za kuunga mkono mchoro wake. Kama ni kweli, tupe vipimo vingine.

MwalimuWaZamu
Sijatunga. Matumbo mawili: gramu 179. Matatu: gramu 77. Manne: gramu 41. Zote kwa herzi 100 ileile.

KapiNaUzi
Mwalimu, nijibu mawili. Ncha ya vaibreta inasukuma uzi pembeni, juu na chini, au inauvuta na kuulegeza kwa kufuata urefu wake? Na unapoongeza sauti ya jenereta polepole, matumbo yanakua polepole pia, au uzi unabaki kimya kisha unalipuka ghafla?

MwalimuWaZamu
Inauvuta kwa urefu. Meza ni nyembamba, nikailaza vaibreta ili ielekee kwenye kapi. Sikuona kama ni jambo la kutaja, mtikisiko ni mtikisiko. Na ndiyo, unabaki kimya mpaka kitufe kipite nusu, kisha unaruka wenyewe.

Lakini karatasi za wanafunzi nimeshazichapa, na kila tumbo nimeliandika λ. Vipimo vyenyewe vinaniunga mkono. Nikibadilisha sasa nitakuwa nimewafundisha kuamini kitabu kuliko macho yao.

KapiNaUzi
Basi jibu ni hilo ulilolificha. Hili ni jaribio la Melde katika ule mkao wake wa pili.

Fikiria uzi umefika mwisho wa juu wa mtikisiko wake. Umejipinda, kwa hiyo unahitaji urefu zaidi na ncha ya vaibreta lazima iwe imesogea kuupa nafasi. Unapopita katikati umenyooka, na ncha inauvuta. Unapofika mwisho wa chini umejipinda tena, na ncha inalegeza tena. Uzi umefanya nusu mzunguko tu, vaibreta imemaliza mzunguko mzima. Ndiyo maana uzi wako unatikisika kwa herzi 50, si 100. Na ndiyo maana ulikaa kimya kwanza: kuukaza na kuulegeza uzi ulionyooka hakuusukumi upande wowote, mpaka nguvu ipite kiwango fulani.

Sasa hesabu: 50 × 0.80 ni 40. Kitabu kiko sawa. Wewe ulikuwa na makosa mawili, frikwensi maradufu na wimbi nusu, yakafutana.

Usiniamini mimi. Acha uzito uleule, urefu uleule, igeuze vaibreta nyuzi 90 isukume uzi pembeni. Ukiona matumbo sita ya sentimita 20, λ ya karatasi zako imekwisha, kwa sababu 100 × 0.20 ni 20. Katika mkao huo usipime tumbo lililo jirani na vaibreta, ncha inayotikisika si fundo kamili. Anzia fundo la pili.

MpimaMara2
Naondoa neno langu la kutunga. Nimezidisha uzito kwa mraba wa idadi ya matumbo: 4 × 179 ni 716, 9 × 77 ni 693, 16 × 41 ni 656. Zilipaswa kulingana, lakini zinashuka kadiri uzito unavyopungua. Nikiongeza gramu 5 kwa kila kipimo zinakuwa 736, 738 na 736. Mwalimu, ulipima ndoano inayobeba mawe ya mizani? Mtu anayetunga hakumbuki kusahau ndoano.

MwalimuWaZamu
Sikuipima. Nimeipima sasa hivi: gramu 5. Kwa hiyo ile 39 ilikuwa 40.

FundiRula
Usizitupe karatasi. Futa λ, andika λ/2 kwa mkono.

MwalimuWaZamu
Vaibreta nimeigeuza, nimeona sita. Karatasi nitazirekebisha. Ila kabla sijaigeuza, niliangalia vizuri ule mkao wa kwanza: matumbo matatu hayakuwa laini, kila moja lilikuwa kama lina kiuno katikati, na ukilitazama kutoka upande linachora namba nane. Hilo nalo linatoka wapi?

KapiNaUzi
Nahisi vaibreta ilikaa mshazari kidogo, ikawa inasukuma pembeni pia, na matumbo sita yakapanda juu ya matatu. Ilaze tena, inyooshe kabisa na uzi kwa rula, utuambie kama kiuno kinapotea. Kisipopotea, sababu ni nyingine.