Bosi akinyamaza, ameidhinisha?

Karani_Tanga: Nilimtumia mkuu wa idara rasimu ya ripoti, kurasa 18, nikaandika "naomba uipitie." Siku sita kimya. Nikaipeleka kwa wafadhili. Sasa anasema hakuidhinisha, na jedwali la gharama lina kosa. Nikiandika "usipojibu nitahesabu umekubali," nitakuwa nimemkosea adabu? Na itanilinda?

MzeeWaSaiti: Sisi wa ujenzi tumezoea hili. Kwenye FIDIC, mkataba wa mfano wa kimataifa wa ujenzi, toleo la 1999, mkandarasi akiwasilisha mpango kazi, Mhandisi ana siku 21 za kusema haukidhi mkataba. Asiposema, kazi inaendelea kwa mpango huo. Lakini toleo la 2017 linasema Mhandisi asipoamua dai kwa wakati, dai limekataliwa. Kimya ni kilekile, maana mbili, na zote ziliandikwa kabla ya kazi kuanza. Jambo linalorekebishika kesho, kimya kiwe "endelea." Fedha, au karatasi inayotoka nje ya ofisi, kimya kiwe "simama." Ripoti yako ilikuwa ya kundi la pili.

Mwanasheria_Nusu: Msimdanganye kijana. Kisheria kimya si ridhaa, basi! Kesi ya Uingereza ya Felthouse na Bindley, 1862: mjomba alimwandikia mpwa wake kuwa asiposikia neno, farasi wa mpwa ni wake yeye mjomba kwa pauni 30 na shilingi 15. Mahakama ikakataa.

MzeeWaSaiti: Kweli, ila yule mjomba alijitungia sharti peke yake. Kwenye FIDIC pande zote zimeshasaini. Kwa hiyo kanuni ya kimya ipitishwe kikaoni kwanza, isichomekwe chini ya barua pepe.

Mama_Kikoba: Mimi mweka hazina wetu anasoma, tiki zinageuka buluu, hajibu. Miezi miwili sasa, mchango wangu sijui uko wapi.

Karani_Tanga: Pole mama, yako ni kubwa kuliko yangu. Mzee, wewe ungeandikaje?

MzeeWaSaiti: Hivi: "Shikamoo mkuu. Naomba uangalie mambo mawili tu: jumla ya jedwali, ukurasa wa 11, na sababu za kuchelewa, ukurasa wa 15. Kurasa nyingine sijabadilisha tangu ulipozisoma. Naomba jibu Alhamisi kabla ya saa 9 alasiri, maana wafadhili wanaitaka Ijumaa saa 4 asubuhi. Nisiposikia kutoka kwako sitaituma. Nitakupigia, kisha nitawaomba wafadhili siku moja zaidi." Ukimwambia mtu "ipitie" kurasa 18, atasahihisha nukta na kuruka jedwali.

Zuhura_wa_Mipango: Hapo umempa asiyejibu kura ya turufu. Wangu yuko safarini wiki mbili kila mwezi. Ripoti ikichelewa, barua ya onyo napewa mimi.

MzeeWaSaiti: Basi ataje naibu wa kusaini akiwa safarini.

Zuhura_wa_Mipango: Naibu naye anasema "msubiri mwenyewe."