Nimekatwa alama 9 kati ya 12 kwa sababu "floridi ni dhaifu". Nani kawadanganya?

Mwana_Likoni:

Jamani nimefura. Niko juu ya feri navuka kuja kisiwani, karatasi ya mtihani iko mfukoni imekunjwa kama ya kufungia kashata, na nikiifungua tena naogopa nitaitupa baharini. Kalamu nyekundu kutoka juu hadi chini, na maelezo ya mhadhiri ni sentensi moja tu: "Floridi ni ligandi dhaifu, kwa hivyo dz² ishuke."

Swali lilikuwa hili. Mmepewa trans-[Cr(en)₂F₂]⁺. Kromiamu iko katikati, nitrojeni nne za ethilenidiamini zimeizunguka kwenye mraba, floridi moja juu na moja chini katika mhimili wa z. Panga obitali tano za d kwa nishati, ueleze sababu.

Jibu walilotaka ni lile la uga wa fuwele tuliloimbishwa tangu mwaka wa pili. Unatazama ule mfululizo unaopanga ligandi kwa nguvu zao, unaona floridi iko chini ya nitrojeni, unaamua kwamba mhimili wa z umelegea, halafu unateremsha kila chenye z ndani yake: dz² chini ya dx²−y², na xz pamoja na yz chini ya xy. Dakika mbili umemaliza.

Mimi nilikaa nusu saa nikafanya kwa modeli ya mwingiliano wa pembe, ile ya Schäffer na Jørgensen ya 1965, ambayo mhadhiri huyo huyo aliitaja darasani kisha akairuka. Kila ligandi nikaipa hesabu mbili badala ya moja. Ya kwanza, eσ, ni jinsi inavyoisukuma obitali ya metali ikiielekea uso kwa uso. Ya pili, eπ, ni jinsi obitali zake za p zinavyoisukuma kwa ubavu.

Ligandi iliyo kwenye z inaisukuma dz² kwa eσ nzima. Iliyo kwenye x au y inaigusa dz² kwa ule mshipi mwembamba wa kiunoni tu, kwa hivyo inaipa robo, na robo tatu zinaenda kwa dx²−y². Nitrojeni nne, robo robo, jumla eσ moja. Ongeza floridi mbili. Basi:

```
dz²      = 2eσ(F) + eσ(N)
dx²−y²   = 3eσ(N)
xz, yz   = 2eπ(F)
xy       = 0
```

xy imelala bapa kwenye mraba, floridi za juu na chini haziioni. Na nitrojeni ya ethilenidiamini haina p iliyobaki ya kusukuma kwa ubavu, ndiyo maana eπ yake nimeweka sifuri.

Namba zinazotumika kwa kromiamu ya +3, zote kwa cm⁻¹: nitrojeni eσ takriban 7,230, floridi eσ takriban 7,800 na eπ takriban 2,000. Weka ndani. dz² inatoka 22,830, dx²−y² inatoka 21,690. xz na yz ziko 4,000 juu ya xy. Yaani mpangilio wa uga wa fuwele umepinduka mara mbili, juu na chini!

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Ule mfululizo unapima tofauti moja tu, 3eσ − 4eπ. Kwa floridi ni 23,400 toa 8,000, inabaki 15,400. Kwa nitrojeni ni 21,690. Ukitazama jibu la mwisho tu utasema floridi ni dhaifu. Lakini kwa sigma inasukuma *kuliko* nitrojeni! Kinachoishusha ni pi, inayoinua zile tatu za chini na kupunguza pengo. Mwenye mshahara mkubwa na deni kubwa si sawa na mwenye mshahara mdogo, hata kama mfukoni wanabaki na shilingi zile zile.

Alama 9. Kwa kusema kweli.

Kiboko_wa_Marikiti:

Pole kijana, lakini punguza mori. Mhadhiri hajakosea kama unavyodhani. Mimi nilifanya mradi wangu wa mwisho juu ya ile ya kloridi, trans-[Cr(en)₂Cl₂]⁺, na dz² ilikuwa chini ya dx²−y² bila ubishi wowote. Floridi na kloridi ni ndugu wa tumbo moja, zote zina chaji hasi moja, zote ziko chini ya nitrojeni kwenye mfululizo. Kwa nini mmoja apande na mwingine ashuke? Usiache kanuni kwa sababu ya namba za kwenye jedwali.

Mwalimu_wa_Changamwe:

Samahani wakubwa, mimi nafundisha sekondari. Kwani hii ndiyo sababu ile shaba nikiitia amonia inakuwa buluu kali lakini inashika amonia nne tu, na molekuli mbili za maji zinakuwa mbali? Wanafunzi wananiuliza kila mwaka nami naishia kuwaambia "itakuja chuo kikuu".

Bi_Spektra:

Maalim, ya shaba ni kesi nyingine, hiyo ina elektroni tisa na inajivuruga yenyewe, ni mambo ya Jahn na Teller. Hapa kromiamu ina tatu, moja moja kwenye xy, xz na yz, haina sababu ya kujivuruga. Nitakurudia.

Kiboko, uko sawa kuhusu kloridi, na ndiyo maana umepotea kwa floridi. Eσ ya kloridi ni takriban 5,560, eπ takriban 900. Tumia fomula ya kijana: mara mbili 5,560 ongeza 7,330 ya nitrojeni ya kiwanja hicho, unapata 18,450 kwa dz², na dx²−y² ni 21,990. Imeshuka, sawasawa na ulivyoona. Lakini hata hapo xz na yz ziko juu ya xy kwa 1,800, na uga wa fuwele ungekwambia kinyume. Ulipata nusu ya picha ikakutosha. Hao ndugu wa tumbo moja wanatofautiana kwa sigma zaidi ya cm⁻¹ 2,000.

Na jambo hili linaonekana kwa macho, halihitaji jedwali. Angaza mwanga kwenye ile ya kloridi majini, inayotoka ni kloridi. Angaza ile ya floridi, floridi inabaki, ni ethilenidiamini inayoachia. Adamson aliweka kanuni mwaka 1967 kwamba mhimili wenye uga mdogo ndio unaofunguka, na kwa floridi kanuni hiyo ilianguka. Ukifikiri kwa "ligandi dhaifu" huwezi kueleza. Ukijua kwamba elektroni iliyoruka inapendelea dx²−y² kwa sababu ndiyo ya chini kati ya mbili za juu, basi inadhoofisha nitrojeni zilizo kwenye mraba, na mambo yanaeleweka.

Sasa wewe Mwana_Likoni, nami nikusute kidogo. Hukuandika namba zako zimetoka wapi. Zilipatikana kwa kulinganisha modeli na spektra za viwanja vya jinsi hii hii, kwa hivyo ukisema namba zinathibitisha spektra utakuwa unajizungusha. Hazipatikani kutoka CrF₆³⁻ peke yake, maana pale unaona pengo moja, na pengo moja haliwezi kukupa eσ na eπ kwa pamoja. Ni pale ligandi mbili tofauti zinapokaa kwenye kiwanja kimoja bendi zinapogawanyika, ndipo unaweza kutenganisha. Na hata hapo lazima mtu aamue kwamba eπ ya nitrojeni ni sifuri. Ni uamuzi mzuri, lakini bado ni uamuzi.

Mwana_Likoni:

Shangazi nimekubali hiyo. Lakini bendi zenyewe?

Bi_Spektra:

Ile ya floridi ina bendi mbili pale ambapo kiwanja cha ligandi sita zinazofanana kingekuwa na moja: takriban 18,500 na 21,700. Ya pili ni rahisi, elektroni inatoka xy kwenda dx²−y², floridi hazihusiki, ni 3eσ ya nitrojeni tupu. Ya kwanza inatoka xz au yz. Anayetoka xz anatua kwenye umbo lililo kwenye bapa lile lile la xz, ambalo ni robo tatu dz² na robo dx²−y². Robo tatu ya 22,830 ni 17,120, robo ya 21,690 ni 5,420, jumla 22,540. Toa 4,000 ya alikotoka, unabaki na 18,540.

Tazama lakini tofauti ya mapengo. Ule mgawanyiko wa bendi unabebwa karibu wote na zile 4,000 za pi. Pengo la dz² na dx²−y² ni 1,100 tu, na kosa dogo kwenye eσ ya floridi linaweza kulimeza. Ningekuwa mimi nasahihisha, ningekupa alama zote za xz na yz bila swali, na kwa dz² ningekudai ushahidi, ule wa mwanga kwa mfano.

Kiboko_wa_Marikiti:

Haya, kwa floridi nimesalimu amri. Lakini msiifanye modeli hii kama haina doa. Kwenye mraba mtupu, [CuCl₄]²⁻ bapa, fomula yenu inaipa dz² eσ nzima, ikae juu ya xy, xz na yz. Spektra zinaionyesha chini kabisa ya zote! Sasa hapo mnasemaje?

Bi_Spektra:

Nasema umenishika pazuri. Ligandi za juu na chini zikiondoka, dz² inachanganyika na 4s ya metali na kushuka sana. Watu huongeza kigezo cha tatu kwa ajili hiyo. Wengine tunaona ni fizikia halali, wengine wanaona ni kiraka. Kwa kiwanja cha kijana haisumbui, kwa sababu mchanganyiko huo unafutika pale sigma za z zinapokaribiana na za mraba, na 7,800 na 7,230 zimekaribiana.

Kiboko_wa_Marikiti:

Kiraka. Kigezo unachokileta pale tu fomula inapokosea ni kiraka, yakhe.

Mwana_Likoni:

Nimetoka ofisini kwake. Nilimwandikia hesabu yote ubaoni, akanyamaza, akaniongezea 4, zile za xz na yz, kama shangazi alivyosema. Ya dz² amekataa. Amesema nimletee spektra niliyoipima mwenyewe. Taa ya mashine ya maabara yetu imekufa tangu muhula uliopita. Kuna mtu yeyote hapa mjini mwenye mashine inayopima kati ya nm 400 na 600? Kiwanja nitatengeneza mwenyewe, nauli nitalipa.

Bi_Spektra:

Njoo kwenye ujumbe wa faragha. Lakini lete trans kweli. Ikichanganyika na cis, hizo bendi mbili zitajifunika na atakukatalia tena.

Mwalimu_wa_Changamwe:

Na ile shaba yangu?