Wahusika wangu vijana wa Mombasa hawaongei kama watu, nishaurini

Kalamu ya Tudor
Habarini ndugu zangu. Naandika mchezo wa jukwaani wa dakika 40. Vijana watatu, miaka 19 hadi 22, wanakutana kivukoni Likoni. Nimewachanganyia Kiswahili na Kiingereza, lakini ndugu yangu mdogo kasoma akasema hakuna binadamu anayeongea hivi. Mfano:

Rehema: "Sudi, ai hevu bini weiting kwa feri sinsi moningi, na yua simu iko ofu! Mbona husevi namba yangu?"

Kiingereza kiwe kiasi gani? Nusu kwa nusu? Mazoezi ni Jumamosi, sina usingizi.

Mzee wa Majengo
Mwanangu, andika Kiswahili kitupu. Watoto wataiga wanachokisikia jukwaani.

Mama Wawili
Mimi wangu wa darasa la 6 humwamkia nyanya yake "hai". Mama yangu hununa siku nzima. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu
Kanuni ni moja: nomino na vitenzi vya Kiingereza viingie, vijineno vidogo visiingie kabisa. "Yua simu" haisemwi. Husemwa "simu yako".

Binti Kibokoni
Mwalimu yuko karibu, ila "bat" na "so" vijana huanza nazo sentensi kila siku. Hupita kwa sababu hukaa nje ya sentensi, hazigusi mafundo yake. "Yua" hukaa ndani, pale pale penye "yako".

Kalamu, kaka, acha kupima kiasi. Sentensi ya Rehema ina mifupa ya Kiingereza iliyovishwa neno "simu" na "feri". Mjini mifupa huwa ya Kiswahili: nafsi, wakati, "yangu", "hii", "kwa". Kiingereza huja kama mzizi uliopachikwa, kama "nimekutekisti". Mtaalamu wa isimu Carol Myers-Scotton alilieleza jambo hili mwaka 1993 kwa mazungumzo aliyoyakusanya Nairobi.

Na "husevi" inakufichua. Twasema "hupigi", lakini kitenzi cha kigeni hakibadiliki mwisho: "hujibu", "husamehe", "husafiri". Hivyo vya Kiarabu vilishapita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo "husevu".

Niambie kitu kimoja: kwanza uliandika kwa lugha gani?

Kalamu ya Tudor
Ahsante dada. Lakini hilo la lugha ya kwanza lahusu nini? Nataka tu kurekebisha mistari.

Binti Kibokoni
Lahusu sana. Jibu.

Kalamu ya Tudor
Sawa. Niliandika chote kwa Kiingereza, kisha nikabadilisha neno hapa na pale. Ndivyo nilivyofundishwa shuleni, fikra zangu za kuandika huja hivyo. Na waigizaji wamepewa nakala, wawili wamekariri. Siwezi kuwaambia waanze upya. Labda hadhira itazoea.

Mtoto wa Bamburi
Mimi naona hakuna mchezo wowote. Mtu wa Tudor angesema "yuaja", "waenda wapi", wewe waandika kama mtangazaji wa habari. Unatafuta watu wakuandikie bure.

Kalamu ya Tudor
Mchezo upo. Nimekulia Nakuru, Tudor nina miaka 4. Hilo sikulisema kwa kuogopa maneno kama haya yako.

Mama Wawili
Mwacheni. Hata mimi nilitoka Voi, nikachekwa miaka.

Binti Kibokoni
Basi hilo ndilo ulilolificha, na ndilo litakalokusaidia. Usimlazimishe Rehema Kimvita usichokijua. Mfanye naye awe mgeni. Sudi ndiye mzawa. Sikia:

Rehema: "Sudi, nimekungoja hapa tangu asubuhi. Nimekutekisti mara tatu!"
Sudi: "Chaji iliisha. Bat nshafika, wagombani?"
Rehema: "Na mbona husevu namba yangu?"

Kiingereza ni kidogo kuliko chako, na mjini pamebaki. Kisha tazama nani yuko karibu. Nyanya akipita, Sudi asitie hata neno moja la Kiingereza. Meneja wa hoteli akimpigia kuhusu kazi, aongee Kiingereza sentensi nzima, mgongo umenyooka. Akikata simu, arudi kwa Rehema na "nshafika" yake. Hadhira itasikia anamwogopa nani bila kuambiwa.

Mwalimu Mstaafu
Hiyo "bat" bado hainiingii.

Binti Kibokoni
Panda matatu ya Kisauni saa moja jioni, mwalimu, utaisikia.

Kalamu ya Tudor
Nimempa ndugu yangu mistari hiyo asome kwa sauti. Hakusitasita, ila "nimekutekisti" aliiacha akasema "nimekuandikia". Sijui nifuate ipi. Waliokariri nitawapigia usiku huu, nianze na Rehema kwa sababu ndiye mwenye mistari mingi.

Mtoto wa Bamburi
Jumamosi saa ngapi, na wapi? Nitakuja nione kama mpo.