Ushauri: Nimesahihisha swali la faida linganishi kwa jumla ya mavuno, na mwanafunzi amenipinga

Mwalimu wa Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Ninafundisha somo la uchumi kidato cha tano hapa Tabora mjini, huu ukiwa mwaka wangu wa pili kazini, na ninaomba ushauri kabla sijarudisha karatasi za jaribio siku ya Jumatatu.

Nilitunga swali la kaya mbili, kila moja ikiwa na watu wazima wanne. Kaya ya Kigoma ikiutumia msimu mzima kwenye chikichi peke yake hupata madumu 60 ya mawese, na ikiutumia msimu huohuo kwenye mizinga ya nyuki hupata madumu 30 ya asali. Kaya ya Sikonge hupata madumu 20 ya mawese, au madumu 20 ya asali. Niliwauliza wanafunzi ni kaya ipi yenye faida linganishi katika kila bidhaa, na kama kuna sababu yoyote ya kaya hizi kufanya biashara.

Katika mwongozo wangu wa kusahihishia niliandika kwamba Kigoma ina faida linganishi katika bidhaa zote mbili, kwa kuwa 60 ni zaidi ya 20, na 30 ni zaidi ya 20, na jumla ya Kigoma ni 90 wakati ya Sikonge ni 40. Nikahitimisha kwamba Sikonge haina cha kuiuzia Kigoma. Wanafunzi 38 kati ya 41 wamejibu hivyohivyo, maana ndivyo nilivyowafundisha. Wawili wameandika kwamba asali ni ya Sikonge kwa sababu Wanyamwezi ni warina asali tangu zamani. Binti mmoja naye ameandika asali ni ya Sikonge, lakini akaweka na hesabu, nami nikampa sifuri. Jana alinifuata ofisini na daftari lake akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, dumu moja la asali, hawa wa Kigoma wanalilipia kwa nini?" Nilikosa la kumjibu, nikamwambia aende darasani. Je, nimekosea, na kama nimekosea, nimekosea wapi hasa?

Mpakia Migebuka

Mwalimu, mimi nasafirisha dagaa na migebuka kutoka Kibirizi kwa treni hadi huko kwenu, na ninaporudi huwa nachukua asali, kwa hiyo jambo hili nalifahamu kwa mfuko wangu. Kwanza hayo mawese ya Sikonge umeyatoa wapi? Chikichi inataka mvua na unyevu wa huku ziwani, huko kwenu ni nchi ya miombo na tumbaku. Pili, kama una ndugu Sikonge anayeuza asali kwa dumu, naomba uniambie mwezi huu wanaliuza kwa bei gani, kwa sababu dalali ninayemtumia simwamini tena.

Karani Mstaafu

Mwalimu, umekosea, na binti huyo ameuliza swali ambalo ndilo somo lenyewe. Nitaanza na ile 90, kwa sababu ndiyo iliyokupoteza. Umesema mwenyewe kwamba kaya ya Kigoma hupata madumu 60 ya mawese *au* madumu 30 ya asali. Hakuna msimu ambao kaya hiyo itakuwa na vyote viwili uani. Ukijumlisha 60 na 30 umejumlisha vitu ambavyo kimoja hupatikana kwa kukiacha kingine, na tena umejumlisha mawese na asali kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa mjibu binti. Kigoma ikitaka madumu 30 ya asali inaacha madumu 60 ya mawese, kwa hiyo kila dumu la asali inalilipia kwa madumu 2 ya mawese ambayo hayatakamuliwa. Sikonge ikitaka madumu 20 ya asali inaacha madumu 20 ya mawese, kwa hiyo dumu la asali inalilipia kwa dumu 1 tu. Asali ni nafuu Sikonge, na unafuu huo wa gharama ndio faida linganishi. Ukigeuza hesabu upande wa pili, dumu la mawese linaigharimu Kigoma nusu dumu ya asali, na linaigharimu Sikonge dumu zima, kwa hiyo mawese ni nafuu Kigoma. Huwezi kupata kaya iliyo nafuu kuliko mwenzake katika zote mbili, kwa kuwa hesabu ya pili ni ile ya kwanza iliyopinduliwa.

Kama bado una shaka, fanya jaribio hili. Wape Kigoma watu wanane badala ya wanne. Itapata madumu 120 ya mawese au 60 ya asali, na jumla yako itapanda kutoka 90 hadi 180. Lakini dumu la asali litaendelea kuigharimu madumu 2 ya mawese, kama jana. Jumla ilikuwa inakueleza ukubwa wa kaya na wingi wa mavuno yake, nawe ulikuwa umeulizwa habari ya gharama.

Nguruka Stesheni

Ninakubaliana na Karani, ila kuna njia fupi zaidi ambayo sisi tulifundishwa. Gawanya Kigoma kwa Sikonge: kwenye mawese 60 kwa 20 ni mara 3, kwenye asali 30 kwa 20 ni mara 1.5. Kigoma inaipita Sikonge kote, lakini kwenye mawese inaipita zaidi, kwa hiyo ishike mawese, na Sikonge ishike mahali inapozidiwa kidogo, yaani asali. Baada ya hapo kila kaya iache kabisa ile bidhaa nyingine, na mavuno ya wote wawili lazima yataongezeka.

Mwalimu wa Isevya

Ndugu Nguruka, hapo ndipo nilipokwama usiku huu. Nimechukulia kwamba mwanzoni kila kaya ilikuwa ikigawa msimu nusu kwa nusu. Kigoma ilikuwa na mawese 30 na asali 15, Sikonge ilikuwa na mawese 10 na asali 10. Kwa pamoja walikuwa na mawese 40 na asali 25. Nikifuata ushauri wako, Kigoma inakamua mawese 60 na Sikonge inarina asali 20. Mawese yameongezeka kwa 20, lakini asali imepungua kwa 5. Nitamwambiaje mwanafunzi kwamba hii ni faida, wakati kuna watu waliokuwa wakila asali na sasa hawana?

Karani Mstaafu

Umeuliza vizuri kuliko ulivyotunga, Mwalimu. Nguruka amepata sehemu ya kwanza na ameteleza kwenye neno "kabisa". Faida linganishi inakuonyesha nani aanze kuhamia wapi. Haikulazimishi kuhama kwa ukomo, hasa pale mmoja anapokuwa mdogo kiasi kwamba hata akijitoa wote hatoshelezi mahitaji ya wawili. Sikonge ikirina msimu mzima inafika 20 na inagota hapo. Zile 5 zilizobaki itabidi zitoke Kigoma, ambayo itazilipia kwa madumu 10 ya mawese na kubaki na 50.

Hesabu sasa: asali ni 25 kama mwanzo, na mawese ni 50 badala ya 40. Hakuna aliyeongeza mtu wala siku ya kazi, na madumu 10 yamepatikana.

Kuhusu kubadilishana, bei yoyote kati ya dumu 1 na madumu 2 ya mawese kwa dumu la asali itawafaa wote wawili. Tuseme wamekubaliana dumu moja na nusu. Sikonge inatoa asali 10 na kupokea mawese 15, inabaki na asali 10 kama zamani na mawese yamepanda kutoka 10 hadi 15. Kigoma inakuwa na asali 15 kama zamani, yaani 5 zake na 10 za Sikonge, na katika mawese 50 imetoa 15, imebaki na 35 badala ya 30. Mwandikie binti wako jedwali hili ubaoni, kisha umwambie darasa zima ni nani aliyelianzisha.

Mpakia Migebuka

Karani, madumu yako yanasafiri bure? Kutoka Sikonge hadi stesheni ya Tabora ni gari, kutoka hapo ni treni, huku kuna wapagazi, na dumu la mawese likipasuka ndani ya behewa unaoga hasara mwenyewe. Hapo hamjamlipa mtu yeyote.

Karani Mstaafu

Hilo ni kweli. Faida yote hapo juu ni madumu 10 ya mawese kwa asali 10 zilizosafiri, yaani dumu 1 kwa kila dumu la asali, ambayo ndiyo tofauti ya gharama kati ya kaya mbili. Nauli za kwenda na kurudi, pamoja na yanayomwagika, zikifika thamani ya madumu 10 ya mawese, biashara inakufa, ingawa faida linganishi iko palepale. Mwalimu anaweza kuliweka hilo kama kipengele cha pili cha swali.

Binti Ujiji

Naomba kuongeza tahadhari moja kwa Mwalimu na kwa Nguruka. Njia ile ya "mara ngapi" ni sahihi, lakini ni rahisi kuipindua pale jedwali linapotoa kazi inayotumika badala ya mavuno. Mfano wa mwanauchumi Ricardo wa mwaka 1817 ni wa namna hiyo: Ureno ilihitaji kazi ya watu 80 kwa mwaka kupata mvinyo na watu 90 kupata nguo, wakati Uingereza ilihitaji 120 kwa mvinyo na 100 kwa nguo. Mwanafunzi aliyezoea kutafuta namba kubwa ataipa Uingereza kila kitu, kumbe namba kubwa hapo ni mzigo. Ureno ilikuwa na wepesi katika zote mbili, na bado iliifaa ishike mvinyo na kununua nguo Uingereza. Wanafunzi wangu nawalazimisha waandike kwanza juu ya jedwali neno "mavuno" au neno "kazi" kabla ya kugusa namba.

Mwalimu wa Isevya

Nawashukuru. Nimempa binti 10 kwa 10, na Jumatatu nitaliambia darasa kwamba mwongozo ulikuwa na kosa langu. Wale 38 nimeamua kuwarudishia swali walifanye upya bila kuwakata alama. Wananisumbua wale wawili walioandika asali ni ya Sikonge kwa sababu ya sifa za Wanyamwezi. Jibu lao ni sahihi, na hawana hesabu hata moja.

Karani Mstaafu

Sifuri. Ungebadilisha namba za swali, Sikonge ikapata asali 5 badala ya 20, dumu moja la asali lingewagharimu mawese 4, na wao wangeandika jibu hilohilo.

Binti Ujiji

Mimi ningewapa 3. Katika mtihani huu namba hazikubadilishwa, na mwenzao aliyefuata mafundisho ya Mwalimu neno kwa neno anapewa nafasi ya pili.

Mpakia Migebuka

Bei ya asali bado hamjanijibu.