Hii TF-IDF imeniaibisha mbele ya wafugaji: "ya" inaishindaje "chanjo"?

Kandambili_Moja:
Wakuu, nina hasira na sitaficha. Kuna ushirika wa wafugaji uliniomba niwatengenezee sehemu ya kutafutia makala zao za zamani. Nyaraka 1,000 kamili: majarida, taarifa za mikutano, ushauri wa mifugo. Kila niliyemuuliza alinijibu "weka TF-IDF, inatosha, neno la kila mahali linajifuta lenyewe, neno adimu linapanda". Nikaweka kwa scikit-learn, maktaba ya Python, nikaenda kuwaonyesha.

Mzee mmoja akaandika "chanjo ya mifugo". Nafasi ya kwanza ikatokea nini? Taarifa ya mkutano mkuu! Haina neno chanjo hata mara moja. Makala ya ndigana kali, inayoeleza chanjo mwanzo mwisho, iko nafasi ya 14. Mzee akaniuliza, "Kijana, hii mashine inasoma au inabahatisha?" Ukumbi mzima ukacheka.

Nimerudi nyumbani nimehesabu kwa mkono. Taarifa ina "ya" mara 40 na "mifugo" mara 5. Makala ina "chanjo" mara 2, "ya" mara 12, "mifugo" mara 1. "Chanjo" imo katika nyaraka 99, "mifugo" katika 499, "ya" katika zote 1,000. Logi ya 1,000 gawanya kwa 1,000 ni sifuri. Sasa hiyo "ya" imepata wapi nguvu? Nani anatudanganya hapa?

mama_kuku:
Pole mwanangu. Ila kwa ndigana kali usihangaike na kompyuta, nenda kwa afisa mifugo wa kata akuelekeze. Na uulize mapema, maana chanjo ile huhifadhiwa kwenye baridi kali sana, haikai kwenye friji ya nyumbani.

Kandambili_Moja:
Asante mama, ila mimi sina hata mbuzi.

Dogo_Paiton:
Mkuu tatizo dogo hilo. Weka `smooth_idf=False`, ile moja wanayoongeza itaondoka na "ya" itarudi sifuri. Kila mtu anajua hili.

Shangazi_Kamusi:
Dogo, umegusa kidonda lakini si penyewe. Kuna moja za aina mbili pale. Mpangilio wa kawaida wa scikit-learn ni huu:

```
idf = ln((1 + N) / (1 + df)) + 1
```

N ni nyaraka zote, df ni zile zenye neno hilo. Ukiweka `smooth_idf=False` unaziondoa zile mbili za ndani ya mabano. Ile ya mwisho, ya nje, inabaki palepale. Kwa hiyo neno lililomo katika kila waraka halipati sifuri, linapata 1. Waliiweka makusudi, ili neno kama hilo lisipuuzwe kabisa. Karen Spärck Jones alipoandika mwaka 1972 kwamba neno la kila mahali lipewe uzito mdogo, kitabu cha maelekezo cha maktaba yako hakikuwepo, kwa hiyo usimlaumu marehemu.

Sasa mtoa uzi, rudia hesabu yako na fomula hiyo. "Chanjo" inapata 3.3, "mifugo" 1.69, "ya" 1. Uzito huo unaingia mara mbili, kwenye swali na kwenye waraka. Makala: chanjo 2 × 3.3 × 3.3 ni karibu 21.8, ongeza 12 za "ya", ongeza 2.9 za "mifugo", jumla 36.7. Taarifa: 40 za "ya" peke yake, na 14.3 za "mifugo", jumla 54.3. Mzee wako hakutafuta chanjo. Alitafuta "ya".

Kandambili_Moja:
Duh. Yaani nimeaibishwa na herufi mbili.

Shangazi_Kamusi:
Nusu tu. Nusu nyingine ni upande wa TF. Umeacha idadi ikiwa ghafi, kana kwamba neno lililotajwa mara 40 lina maana mara 40. Weka `sublinear_tf=True`, idadi igeuzwe kuwa 1 + ln(idadi). Hapo 40 inashuka kuwa 4.7, na 2 inakuwa 1.7. Makala inapata karibu 24.8, taarifa 12.2. Hapo bado hata hatujaifukuza "ya".

Dogo_Paiton:
Si ndiyo nilitaka kusema! Aweke `stop_words` basi, yaishe.

Shangazi_Kamusi:
Aweke, ndiyo, lakini orodha aandike mwenyewe, maana iliyomo ndani ni ya Kiingereza peke yake.

Ngombe_Wa_Maskini:
Mimi yangu ni mbaya zaidi, niwaeleze. Nilikuwa natafuta "kung'oa visiki". Ikaja makala ya ushauri kwa vijana, "Oa ukiwa tayari". Nikadhani kuna mtu ananitania. Nilipochapisha orodha ya maneno nikaona: kigezo cha kawaida kinakata kwenye kiapostrofi! "Kung'oa" imekuwa "kung" na "oa". "Ng'ombe" imekuwa "ng" na "ombe", inahesabiwa mara mbili kama maneno mawili. Na kwa kuwa "oa" peke yake ni nadra katika nyaraka zangu (watu huandika "kuoa", "ameoa"), IDF ikaipaisha mpaka juu.

Shangazi_Kamusi:
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Badilisheni wote wawili, ongezeni kiapostrofi, kile kilichonyooka na kile kilichopinda:

```
TfidfVectorizer(
    sublinear_tf=True,
    stop_words=["ya", "wa", "na", "kwa", "la", "za"],
    token_pattern=r"(?u)\b\w[\w'’]+\b",
)
```

Kandambili_Moja:
Nimeweka yote. Ile taarifa imetoweka kabisa kwenye kumi bora. Lakini makala yangu imepanda mpaka nafasi ya 6 tu, si ya 1. Juu yake kuna vipande vifupi vya matangazo, mistari minne mitano. Hasira imepungua, haijaisha.

Shangazi_Kamusi:
Hiyo makala imeandikwaje? Nibandikie aya moja.

Kandambili_Moja:
"Ndama waliochanjwa wakiwa wadogo huvumilia, ila wasipochanjwa mapema..." Inaendelea hivyohivyo.

Shangazi_Kamusi:
Basi hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo, na hauponi kwa kubadili kigezo kimoja. Mwandishi wako ametaja chanjo mara 2 tu, lakini ameandika waliochanjwa, wasipochanjwa, huchanjwa, atachanjwa. Kwa mashine hayo ni maneno manne yasiyojuana, na hakuna hata moja linalomsaidia mzee aliyeandika "chanjo". Tena yanamwadhibu mwandishi. Umbo lililomo katika waraka mmoja tu kati ya 1,000 linapata IDF ya 7.2, zaidi ya mara mbili ya "chanjo". Mwishoni alama zote zinagawanywa kwa urefu wa vekta. Maumbo 100 ya namna hiyo yanaupa huo urefu 72 kabla hujahesabu kingine chochote. Tangazo la mistari minne halina mzigo huo. Anayeandika Kiswahili kizuri ndiye anayeshushwa.

Unaweza kuweka `min_df=2`, maumbo ya waraka mmoja tu yatupwe. Ila jina la dawa lililotajwa katika waraka mmoja nalo litatupwa, na mfugaji akilitafuta hatapata kitu.

Dogo_Paiton:
Si akate viambishi tu? "Ali", "wali", "ana", "wata" vitoke mbele, mzizi ubaki.

Ngombe_Wa_Maskini:
Nilishajaribu hiyo wiki iliyopita. "Alichanjwa" imekuwa "chanjwa", nikafurahi. Halafu nikatafuta alizeti, nikapewa hakuna. Kwenye nyaraka zote imekuwa "zeti", swali langu limebaki "alizeti".