Naomba ushauri: jingo inakata mwisho wa taarab za zamani

Wakuu habari zenu, niko redio ya jamii huku Tanga, pleilisti ya usiku inajiendesha yenyewe, jingo kila baada ya nyimbo tatu, sasa softiwea inaanzisha kinachofuata sauti ikishuka chini ya -20 dB. Bongofleva zinaungana safi kabisa, ila taarab za kale za Black Star rekodi zake ziko chini na zinaisha taratibu, jingo inamrukia mwimbaji hajamaliza hata ubeti! Inauma jamani, wazee wanazisubiri hizo.

Nawaza mafaili yote niyapitishe kwanza loudnorm kwa -16 LUFS ndo niskani upya pointi za kuungia. Itatosha, au zinazofifia niziwekee pointi kwa mkono? Na jingo nizizimie krosfedi kabisa?